Karatasi Iliyosema Shaba Iko Chini

Daktari kijana aliyekuwa mafunzoni chini yangu aliingia ofisini na karatasi ya maabara mkononi, uso umemkunjuka. "Dokta, Wilson tumeiondoa," aliniambia. "Shaba ya damu ni 52 tu." Kweli, pembeni ya ile 52 palikuwa na herufi L, alama ya kwamba kipimo kiko chini, maana kiwango cha kawaida kwenye karatasi hiyo kilikuwa mikrogramu 70 hadi 140 kwa desilita. Ugonjwa wa Wilson unaitwa wa kujaa shaba mwilini, na damu ya mgonjwa ina shaba pungufu. Kwake yeye kesi ilikuwa imefungwa. Nilimwomba aketi, kwa sababu ile 52 ndiyo niliyokuwa nikiisubiri kwa siku kumi.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa wodini, kitanda cha dirishani. Miaka 17, kidato cha tatu, ametoka kijiji cha pwani upande wa Tanga. Mama yake alikuja na mfuko wa plastiki wenye vyeti vya hospitali tatu na madaftari mawili. Vyeti vilikuwa na mambo tuliyoyazoea: malaria, taifodi mara mbili, na macho kuwa manjano alipokuwa na miaka 11, hali iliyoisha yenyewe baada ya wiki chache na kusahauliwa. Madaftari ndiyo yaliyonishika. La kidato cha kwanza lilikuwa na mwandiko wa kupendeza, herufi zote zimelalia upande mmoja. La kidato cha tatu lilianza kwa herufi zilizobanana na kusinyaa, kisha zikawa zinapanda na kushuka mstari, na kurasa za mwisho zilikuwa mikwaruzo mitupu. Ungedhani ni madaftari ya watu wawili.

Wa kwanza kuliona tatizo alikuwa ustadhi wa madrasa, si daktari wala mwalimu wa shule. Kijana alikuwa msomaji mzuri, makharija yake safi, mpaka herufi zikaanza kumtoroka mdomoni. Ustadhi alimgombeza kwa uvivu, halafu akaona mate yanamtoka pembeni ya mdomo anaposoma, akamwita mama. Shuleni walikwishasema anavuta bangi, kwa sababu alikuwa mkali, analia ovyo, na alama zake zimeporomoka. Nyumbani alisomewa kisomo, kisha wakapita kwa mganga. Siwalaumu hata kidogo. Mtoto aliyekuwa mpole anabadilika tabia, anapinda mkono, anacheka cheko lisilomtoka usoni: ukiwa hujawahi kuusikia ugonjwa huu, utafikiri nini kingine?

Nilipomwambia ainue mikono kifuani, viwiko vimekunjwa na vidole vikielekeana, ilipiga kama mbawa za ndege anayetaka kuruka. Nikamlaza nimpapase tumbo. Chini ya mbavu za kushoto nilikutana na ukingo wa wengu, mgumu, umeteremka vidole vitatu. Kipimo cha mawimbi ya sauti kikaonyesha ini dogo lenye vinundu, limekunjamana, na chembe sahani za damu zilikuwa 82,000 badala ya kuzidi 150,000. Ini la namna hiyo kwetu huwa la mtu mzima aliyeishi miaka mingi na homa ya ini B, au kichocho cha tumbo, au chupa. Homa ya ini B hakuwa nayo, wala C. Pombe hakuwahi kuigusa. Ini bovu na ubongo mbovu kwa mtu mmoja wa miaka 17: hapo ndipo mtu anapoagiza kupima shaba.

Shaba tunaila kila siku, miligramu moja hadi mbili hivi, katika maharage, nafaka, karanga, nyama. Tunaihitaji. Bila shaba seli haiwezi kuunguza chakula chake ipate nguvu, wala mwili hauwezi kutengeneza rangi ya ngozi na nywele au kuimarisha kuta za mishipa ya damu. Inafyonzwa sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, inadandia protini ya damu iitwayo albumini, na mshipa mkubwa wa utumbo unaipeleka moja kwa moja kwenye ini. Ini ndilo forodha yake. Shaba yote iliyofyonzwa hupita hapo kwanza, na ini huamua kiasi gani kitaingia mjini na kiasi gani kitarudishwa nje.

Ndani ya seli ya ini shaba haiachwi ikazurura. Ina protini za kuisindikiza kama mfungwa, kila moja na njia yake, na mojawapo inaikabidhi kwa protini kubwa zaidi iitwayo ATP7B. Huyu ATP7B ni hamali, na ana kazi mbili. Siku za kawaida anakaa katikati ya seli, mahali protini mpya zinapokamilishwa kabla ya kutumwa nje, akipakia shaba kwenye protini nyingine iitwayo seruloplasmini, chembe sita za shaba kwa kila protini moja. Seruloplasmini iliyopakiwa inatoka kwenda kwenye damu, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya shaba yote inayoonekana kwenye damu ya mtu mzima wa afya. Shaba ikizidi ndani ya seli, hamali huyo huyo anaacha kituo chake, anasogea upande wa seli unaopakana na mfereji wa nyongo, na kuimwaga shaba humo. Nyongo inaipeleka utumbo, utumbo unaitoa chooni. Figo hazisaidii kitu cha maana hapa. Mkojo wa mtu wa kawaida unatoa chini ya mikrogramu 40 kwa siku. Mlango wa kutokea shaba ni mmoja, nao ni nyongo.

Katika ugonjwa wa Wilson hamali ndiye aliyeharibika. Jeni lake liko kwenye kromosomu ya 13, liligunduliwa mwaka 1993, na makosa yanayojulikana ndani yake ni mamia. Kosa moja linamfanya asikunjike sawasawa na seli inamteketeza kabla hajafika kazini. Jingine linamfanya afike lakini ashindwe kushika shaba. Jingine linamfanya aishike ila asijue kuhama kituo. Matokeo yanafanana: kazi zote mbili zinasimama.

Nilichukua kalamu nikamchorea daktari wangu mafunzoni. Kazi ya kwanza ikisimama, seruloplasmini inatoka kwenye ini bila mzigo. Protini hii ikiwa tupu haidumu kwenye damu; inavunjwa ndani ya saa chache, wakati iliyopakiwa hudumu siku kadhaa. Kwa hiyo ukiipima unaikuta imeshuka. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya shaba ya damu husafiri juu ya seruloplasmini, shaba ya jumla nayo inashuka. Ndiyo hiyo 52. Huko nyuma, ghalani, kazi ya pili imesimama pia, na shaba inarundikana kwenye ini mwaka hadi mwaka. Maabara imepima magari yaliyoko barabarani, haijafungua ghala.

Wapo wanaodhani kwamba upungufu wa seruloplasmini ndio chanzo cha shaba kujaa. Sivyo. Wako watu waliozaliwa bila seruloplasmini kabisa, na wao hawajai shaba, wanajaa chuma. Seruloplasmini ni ushahidi kwamba hamali haji kazini, na si ushahidi usiotiliwa shaka. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huwa nayo chini kwa sababu ini lake halina malighafi. Kwa mjamzito, au mwenye uvimbe au maambukizi makali, hupanda, kiasi kwamba mgonjwa wa Wilson anaweza kuonekana mzima kwenye karatasi.

Ya kijana wetu ilikuwa miligramu 8 kwa desilita. Kawaida ni kuanzia 20. Kila miligramu ya seruloplasmini hubeba takriban mikrogramu 3 za shaba. Kwa hiyo 8 mara 3 ni 24. Toa 24 kwenye 52, zinabaki 28. Hizo 28 ndizo shaba isiyokuwa na mwenyewe, iliyoegeshwa kwenye albumini na chembe nyingine ndogo, tayari kumwachia yeyote atakayeichukua. Kwa mtu mzima wa afya, mwenye shaba 100 na seruloplasmini 30, hesabu hiyo inaacha 10. Kisichozidi 15 hakinitishi. Kikizidi 25 kwa mtu mwenye dalili, nakaa wima kitini. Daktari wangu alirudia kutoa mara mbili kwa simu yake, akanyamaza. Nikiri kwamba hesabu hii ni ya kukadiria. Maabara ikikosea kidogo seruloplasmini, kosa linazidishwa mara tatu, na nimewahi kupata jibu la hasi, jambo ambalo haliwezekani. Kwa hiyo siitegemei peke yake.

Niliyoitegemea zaidi ilikuwa macho. Shaba iliyokosa makao hutua kwenye utando wa ndani wa konea, kuanzia juu, kisha chini, mpaka duara linakutana. Wazungu wenye macho ya buluu huonekana pete ya kahawia hata kwa kutazamwa mezani. Kwa macho yetu meusi pete hiyo inalala juu ya rangi inayofanana nayo, na tochi ya mfukoni haiioni. Nimewahi kuandika kwa mkono wangu "macho: kawaida" kwa mgonjwa aliyekuwa nayo, na wiki mbili baadaye mwenzangu wa macho akaniita nikatazame mwenyewe kwenye darubini yake. Tangu siku hiyo sirudii kuandika hivyo kabla ya mgonjwa kukalishwa kwenye darubini. Kwa kijana huyu ilikuwepo, ya dhahabu iliyochanganyika na kijani, imekamilika macho yote mawili. Wenye dalili za ubongo karibu wote huwa nayo. Wenye dalili za ini peke yake, ni kama nusu tu, kwa hiyo kutoiona hakumwachii mtu huru.

Kipimo cha mkojo nilikiharibu mwenyewe. Kinahitaji mkojo wote wa saa 24 ndani ya chombo cha plastiki kisicho na chembe ya madini. Nilimweleza mama, nikamkabidhi dumu, nikasema: "Mkojo wa kwanza wa asubuhi amwage, halafu akusanye kuanzia saa mbili mpaka saa mbili." Wakakusanya kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, wakafunga dumu kwa uaminifu kabisa. Jibu likaja mikrogramu 88, chini ya ile 100 tunayoitafuta kwa mtu mzima, na mimi nikakaa siku nne nikijiuliza nimekosea wapi kabla ya kutazama ujazo: mililita 540. Sasa nasema "mpaka kesho yake saa mbili asubuhi, na mkojo wa saa hiyo uwemo ndani ya dumu." Mara ya pili ilikuwa 214. Kipande cha ini hatukuchukua. Sindano kwenye ini la mtu mwenye chembe sahani 82,000 ni hatari, na pete, seruloplasmini, mkojo na mtetemo vilikuwa vimetosha.

Mama aliniuliza swali ambalo wengi huuliza, nami huwa sitaki kulipita haraka: "Kama ni la ini, kwa nini limempanda kichwani?"

Shaba ina tabia moja inayoifanya iwe ya manufaa na iwe ya hatari: ni rahisi kwake kupokea elektroni na kuiachia tena. Ikiwa imefungwa ndani ya kimeng'enya, tabia hiyo inafanya kazi ya maana. Ikiwa huru, inafanya biashara hiyo na chochote kilichoko karibu, na kutokana na maji yenye oksijeni yanayozalishwa ndani ya kila seli inatengeneza vipande vikali vinavyounguza mafuta ya utando wa seli na kutoboa mitokondria, yale majiko ya seli. Kwa miaka kadhaa ini hujilinda. Linatengeneza protini nyingi iitwayo metalothionini, ambayo inaifunga shaba kama kamba inavyofunga ng'ombe. Ndiyo maana mtoto anazaliwa na ugonjwa huu na bado anakimbia mpaka umri wa shule bila dalili. Chukua robo tu ya miligramu ikibaki kila siku: kwa mwaka ni miligramu 90, karibu sawa na shaba yote iliyomo katika mwili mzima wa mtu wa kawaida. Ini la kawaida lina chini ya mikrogramu 50 kwa gramu ya ini lililokaushwa. La Wilson hupita 250, na mara nyingi hupita mbali.

Kamba zikiisha, seli zinaanza kufa. Zinakufa polepole, kovu linachukua nafasi zao, na mgonjwa halalamiki. Naamini ule umanjano wa miaka 11 ulikuwa wimbi moja la seli nyingi kufa kwa pamoja. Kila seli inayokufa inamwaga shaba yake kwenye damu, na hapo ndipo forodha inapovunjika. Shaba huru inakwenda kwenye konea, kwenye figo, na kwenye ubongo. Ikimwagwa nyingi kwa mkupuo inapasua hata chembe nyekundu za damu. Nimeona msichana aliyeletwa akiwa na manjano makali na damu imekwisha, amesadikiwa ana malaria kali, vipimo vya malaria vyote hasi, na fosfatesi alkali iko chini ajabu kwa ini linalokufa. Huyo alihitaji ini jipya ndani ya siku, na hapa kwetu ini jipya siku hizo halikupatikana. Hakufika hata kwenye ndege ya India.

Ubongoni, seli za kwanza kuipokea shaba ni seli saidizi zinazozunguka mishipa midogo ya damu. Nazo huifunga kwa metalothionini, nazo hujaa. Ikizidi, neva zinaumia, hasa kwenye viini vya ndani kabisa vinavyolainisha mwendo: mkono usipitilize kikombe, ulimi upige herufi mahali pake, mtu ameze mate bila kufikiri. Ndiyo maana ustadhi aliona mapema. Kusoma kwa makharija ni kazi ya misuli midogo inayopokezana kwa kasi, na ikianza kuchelewa nusu sekunde, sikio lililozoea linasikia. Picha ya MRI ya kijana ilionyesha viini hivyo viking'aa pande zote mbili, mahali palipopaswa kuwa kijivu.

Daktari Samuel Alexander Kinnier Wilson aliuandika ugonjwa huu London mwaka 1912, na jambo lililomshangaza ni kwamba maini ya wagonjwa wake yalikuwa yamekakamaa ingawa walipokuwa hai hawakuwa wamelalamika ini. Shaba yenyewe haikutajwa katika maelezo yake kama kisababishi. Ilithibitishwa miaka ya 1940, John Cumings alipoipima kwenye maini na bongo za marehemu. Dawa ya kumeza ikaja mwaka 1956. John Walshe aliwahi kukutana na kitu kiitwacho penisilamini kwenye mikojo ya watu waliotibiwa kwa penisilini, akaona muundo wake una mahali pa kushika shaba na kuipeleka kwenye mkojo. Yaani alifungua mlango wa figo, kwa kuwa ule wa nyongo umeziba.

Dawa hiyo ndiyo tuliyompa, na ndiyo iliyotutia kiwewe. Alikuwa na kilo 50, kwa hiyo lengo lilikuwa miligramu 1,000 kwa siku. Hatukuanza na 1,000. Tulianza na 250, tukaongeza 250 kila wiki, pamoja na vitamini B6, kwa sababu penisilamini huila. Wiki ya nne mtetemo ulizidi, akashindwa kushika kijiko, na sauti ikawa ya kunong'ona. Mama alinikuta koridoni, hakupandisha sauti, akasema tu: "Daktari, mtoto alikuja anatembea." Ni kweli. Dawa inapoivuta shaba kutoka maghalani, kwanza inaipitisha kwenye damu, na sehemu ya shaba hiyo inaweza kuingia ubongoni kabla figo hazijaitoa. Hutokea kwa baadhi ya wenye dalili za neva, na wengine hawarudi walikokuwa. Tulirudi 500, tukakaa hapo mwezi mzima, tukapanda tena kwa hatua za wiki mbili. Ningeanza naye leo, ningekwenda hivyo tangu mwanzo. Kila wiki tulipima mkojo kwa protini na damu kwa chembe nyeupe, maana dawa hii hudhuru figo na uboho, na mwezi wa kwanza huweza kuleta homa na upele. Mwezi wa tano mate yalikoma. Mwezi wa tisa aliniandikia jina lake kwenye kadi ya kliniki, limepinda, lakini linasomeka.

Mama na baba yake ni watoto wa ndugu wawili. Nalitaja hili kwa uangalifu, kwa sababu kwetu pwani ndoa ya binamu si aibu na sikumwita mtu kumhukumu. Ila ugonjwa huu unahitaji nakala mbili mbovu za jeni, moja kutoka kwa kila mzazi. Mwenye nakala moja ni mzima kabisa, hajui, na katika watu wa kawaida ni kama mmoja kati ya 90. Wawili wakiwa na babu mmoja, uwezekano wa wote kubeba nakala ile ile unapanda sana. Na wakishakuwa hivyo, kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne. Hilo ndilo nililokuwa na haraka nalo. Nilimwomba mama awalete ndugu wote watatu wa kijana.

Mdogo wake wa kike, miaka 13, hakuwa na dalili yoyote. Alikuwa anacheka na wauguzi. Seruloplasmini yake ilikuwa 9, kipimo cha ini kiliongezeka mara mbili, pete bado haipo, mkojo wa saa 24 mikrogramu 126. Kwake tulianza na zinki. Zinki haivuti shaba. Inafanya kazi mlangoni. Inazichochea seli za utumbo zitengeneze metalothionini, shaba ya chakula inakwama ndani ya seli hizo, na kwa kuwa ngozi ya utumbo hupukutika kila baada ya siku chache, shaba inakwenda nayo chooni. Vidonge maalumu vya zinki hatukuvipata, lakini vile vya miligramu 20 wanavyopewa watoto wenye kuhara vipo kila zahanati. Viwili na nusu mara tatu kwa siku, mbali na chakula, vinafika kipimo cha 150. Vilimkera tumbo; kile cha asubuhi tulikisogeza katikati ya asubuhi, baada ya kifungua kinywa kutulia. Ugumu wake ni mwingine: yuko mzima, haumwi, anaulizwa shuleni kwa nini anameza vidonge vya mtoto anayeharisha.

Kuhusu chakula sisumbui sana watu. Nakataza maini, chaza na pweza, korosho, na uyoga kwa mwaka wa kwanza, basi. Korosho ilimuuma kijana kuliko sindano zote. Bangili ya shaba aliyovishwa na bibi yake tuliivua kwa heshima, ingawa haikuwa na hatia yoyote. Na mjomba wake anayefanya kazi Lubumbashi aliuliza kama ni machimbo ya Katanga yaliyomfuata mpwa wake. Hapana. Shaba ya ugonjwa huu inatoka kwenye sahani ile ile tunayokula wote.

Mwaka wa pili, baada ya Ramadhani, mkojo wake ulitoa mikrogramu 140. Kwa mtu aliye kwenye penisilamini tunataka 200 hadi 500, na chini ya hapo kuna maelezo mawili yanayopingana: ama shaba imetolewa mpaka imekwisha, ama dawa hainyweki. Daktari wangu mafunzoni, ambaye sasa ni daktari kamili, hakunijia na karatasi. Alikaa, akatoa kalamu. Shaba 40, seruloplasmini 6. Sita mara tatu ni 18, zinabaki 22. Ingekuwa imekwisha, zingebaki mbili au tatu. "Hanywi," akasema.

Tukamwita. Alikuwa amefunga mwezi mzima, na dawa inayotakiwa kunywewa saa moja kabla ya chakula au saa mbili baada yake hakuona mahali pa kuiweka. Alikuwa anaimeza pamoja na uji wa futari, na chakula hupunguza ufyonzaji wake karibu nusu. Daku alikuwa analala. Tukapanga upya, kwa ajili ya Ramadhani ijayo, mbele ya mama yake: nusu ya kwanza saa nne usiku, akitoka tarawehe, asile kitu tena mpaka alale, nusu ya pili saa tisa usiku kwa maji matupu, na daku saa kumi. Mama akasema atamwamsha yeye mwenyewe.